FIFA mpya kila Septemba: yanayosemwa mabandani na yaliyomo kwenye diski

Ikikaribia mwisho wa Septemba, mabanda ya gemu ya mjini Unguja huwa na mazungumzo mamoja: nani ameshaleta mpya. Tangu mwaka 2023 kampuni ya EA, inayoitengeneza gemu hii, na shirikisho la FIFA wameachana, na gemu sasa inaitwa EA Sports FC, lakini mtaani bado ni FIFA, na bado mtu mwenye PS4 tatu Michenzani au Chake Chake anajiona amechelewa asipoileta mwezi ule ule. Uamuzi huo mara nyingi unajengwa juu ya maneno ambayo si kweli, na fedha inayopotea ni nyingi kwa biashara ya shilingi mia tano mia tano.

"Toleo jipya ni gemu mpya, kwenye mashine yoyote."

Si kweli, na hili ndilo linalowaumiza zaidi wenye PS4. Chukua FIFA 22. Tangazo lake kubwa lilikuwa HyperMotion: wachezaji 22 wa kulipwa walivishwa mavazi yenye vihisi, wakacheza mechi kamili, na mienendo yao ikarekodiwa ili wachezaji wa kwenye gemu wakimbie, waruke na kugombea mpira kama watu. Ni kazi nzuri kweli. Lakini haikuwekwa kwenye PS4. Iliwekwa kwenye PS5 na Xbox za kizazi kipya, huku diski ya PS4 ikiuzwa kwa jina lile lile na picha ile ile kwenye jalada. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa HyperMotionV ya FC 24.

Kwa hiyo kijana anayetazama matangazo kwenye simu anaona gemu moja, na ile inayoingia bandani ni nyingine. Angalia pia usije ukanunua PS5 halafu ukaendelea kuitia diski za PS4. Itacheza, lakini mara nyingi itacheza toleo la PS4. Kwenye skrini utaona alama ya PS4 karibu na jina la gemu. Ukiiona hiyo, ujue ule ubora ulioulipia kwenye mashine hauupati.

"Bila diski mpya, usajili hauji."

Hapa pana ukweli nusu. Tuseme unayo FIFA 23. Kwenye diski hiyo Declan Rice yuko West Ham, Harry Kane yuko Tottenham na Jude Bellingham yuko Dortmund. Kiangazi cha 2023 Rice akaenda Arsenal, Kane akaenda Bayern, Bellingham akaenda Real Madrid. Mteja shabiki wa Arsenal anakaa, anachukua pedi, anamtafuta Rice, hamuoni. Hapo hapo anakwambia, "Kaka, hii ya zamani."

Msimu ukiwa unaendelea, EA hutoa faili la vikosi ambalo unalipakua kwenye menyu ya Customise. Faili lenyewe ni dogo. Tatizo ni kwamba huwezi kuingia kwenye seva kama gemu yako haijasasishwa, na masasisho ya gemu ndiyo yanayokula magigabaiti, jambo ambalo kwa anayetumia bando la simu ni gharama ya kufikiria. Na toleo linalofuata likishatoka, vikosi vya lile la zamani havishughulikiwi tena.

Kinachobaki ni kuhamisha kwa mkono. Menyu hiyo hiyo inaruhusu kumtoa mchezaji klabu moja na kumtia nyingine bila intaneti yoyote. Huna haja ya kuhamisha ligi nzima. Wateja wa mabanda yetu wanachagua timu chache zile zile: Arsenal, Liverpool, Man United, City, Chelsea, Real, Barcelona. Kaa jioni moja na orodha ya usajili wa timu hizo, na kazi imekwisha. Ukimaliza, hifadhi faili la kikosi, maana ukizima mashine bila kuhifadhi, Rice anarudi West Ham. Kila PS4 inataka kufanyiwa peke yake. Na kama kuna mtu ana Career Mode, ile ya kuendesha klabu msimu hadi msimu, aliyokwishaianza, mabadiliko hayo hayaingii humo. Itabidi aanze upya.

Njia hii ina mipaka yake. Kumhamisha mchezaji hakumpandishi kiwango: Bellingham wa FIFA 23 ana 84, wa FC 24 ana 86. Jezi za msimu mpya pia hazitakuja, na chipukizi ambaye hakuwemo kabisa kwenye diski huwezi kumhamisha. Kwa mechi ya dakika chache baina ya marafiki wawili, mimi naona upungufu huo unavumilika. Na kwa wanaotaraji kuwa siku moja toleo jipya litawaletea Mlandege au KMKM: Ligi Kuu ya Zanzibar haimo, na ya Bara haimo.

"Kila mwaka ni jezi tu."

Hii nayo ni kutia chumvi, ingawa ina asili yake. Kwenye Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, ziliuzwa gemu zilizoitwa Legacy Edition, na kilichobadilika humo kilikuwa hasa vikosi na jezi. Wenye hasira wana haki yao.

Lakini kwenye PS5 mabadiliko yapo, isipokuwa hayaji kwa kiwango sawa kila mwaka. FIFA 23 ilileta shuti la nguvu la L1 na R1, ambalo ukilipiga bila nafasi unanyang'anywa mpira kabla mguu haujashuka. FC 24 ilileta PlayStyles, mchezaji akawa na tabia yake badala ya namba tu. FC 25 ikaleta Rush, watano kwa watano, na mfumo mpya wa majukumu ya wachezaji. Aliyetoka FIFA 23 kwenda moja kwa moja FC 25 alipata mabadiliko ya FC 24 na ya FC 25 kwa diski moja. Ndiyo maana mwenye PS5 nyumbani namshauri aruke mwaka.

Asiyeweza kuruka ni mchezaji wa Ultimate Team, ile ya kujenga timu kwa kadi za wachezaji na kucheza mtandaoni. Kadi zake hazihami kwenda toleo jipya, na wapinzani wake wote wanahama.

"Nisipoleta mpya, wateja watakimbia."

Baadhi watakimbia, ndiyo. Swali ni wangapi. Tuseme diski ni shilingi 180,000 na mechi ni 500. Diski moja inataka mechi 360 kuirudisha. Lakini kila mashine inataka diski yake, kwa hiyo mwenye PS4 tatu anatoa 540,000, sawa na mechi 1,080. Na mechi hizo lazima ziwe za ziada, zile ambazo zisingechezwa kama ungebaki na ya zamani. Mtoto anayekuja kila siku akitoka skuli angecheza tu; mia tano yake huwezi kuihesabu kama faida ya diski mpya.

Anayetaka kujua kwa hakika anunue moja, aitie mashine moja, na aandike kwenye daftari mechi za kila mashine kwa mwezi mzima. Ikiwa watu wanapanga foleni kwenye hiyo huku nyingine mbili zimekaa bure, anunue ya pili. Ikiwa wanakaa popote penye pedi isiyo na mtu, basi walichofuata ni kucheza, na zile fedha nyingine zikanunue pedi, maana analogi iliyochakaa na kumpeleka mchezaji kushoto peke yake inafukuza wateja Januari hadi Disemba.