Kiungo cha nje: kwa nini faili ya Excel huganda inapofunguliwa

Barua pepe hii iliandikwa na karani wa fedha katika ofisi moja ya Nairobi kwenda kwa dawati la TEHAMA. Nimebadilisha majina ya faili na ya seva tu.

"Habari za asubuhi. Faili ya mishahara, Mishahara_2025.xlsx, inaganda tangu Jumatatu. Nikiibofya, Excel inakuja, halafu dirisha linapauka na juu panaandikwa Not Responding kwa dakika kadhaa. Baadaye inafunguka na hesabu zote zinaonekana sawa. Faili zingine hazina shida. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya mwenzangu, ni vilevile. Kuna jambo moja la ajabu: jana alasiri stima ilipotea, waifai ikazima, nikaendelea kwa betri ya laptopu. Faili ikafunguka papo hapo. Sijaiambatisha hapa kwa sababu ina mishahara ya watu. PAYE inatakiwa KRA kufikia tarehe 9, kwa hivyo naomba mniangalilie leo. Asanteni."

Watu wa TEHAMA hupokea barua nyingi zinazosema "kompyuta iko slo", basi. Hii ni tofauti. Na hapo aliposema hakuambatisha faili, alifanya vyema: mishahara ni taarifa za kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haifai kusambazwa kwenye barua pepe ovyo. Lakini sentensi iliyobeba jibu ni ile ya stima. Faili iliyo nzito huwa nzito hata mtandao ukizima. Hii ilipona mtandao ulipokatika, maana yake kuna kitu ilikuwa inakitafuta huko mtandaoni na hakikuwepo.

Kitu hicho ndicho kiungo cha nje. Ni fomula, au kitu kingine ndani ya faili, kinachochukua thamani yake kutoka faili nyingine. Katika shiti ya karani huyu, safu ya marupurupu ilikuwa na fomula kama hii:

```
=VLOOKUP(B7,'\\FEDHA01\Malipo\[Viwango.xlsx]Daraja'!$A$2:$D$40,4,FALSE)
```

Isome kutoka kushoto. Chukua daraja la mfanyakazi lililo kwenye B7, nenda kwenye seva iitwayo FEDHA01, ingia folda ya Malipo, ndani ya faili Viwango.xlsx tafuta shiti ya Daraja, kisha lete kiasi kilicho safu ya nne. Mabano ya mraba ndiyo alama ya kukumbuka: yanazunguka jina la faili iliyo nje.

Sasa, wikendi iliyotangulia FEDHA01 ilikuwa imezimwa na folda zake zikahamishiwa seva mpya. Jina lake, hata hivyo, lilikuwa halijafutwa kwenye orodha ya majina ya mtandao wa ofisi. Kwa hivyo kila faili ya mishahara ilipofunguliwa, Excel iliipata anwani, ikabisha hodi, ikangoja mtu afungue. Hakuna wa kufungua. Windows haikati tamaa upesi, hurudia kujaribu kabla ya kukubali kwamba hakuna jibu, na wakati huo wote dirisha la Excel haliwezi kufanya jambo lingine. Faili hiyo ilikuwa na viungo vya faili kadhaa za seva ileile, kila kimoja na ngoja yake, ndiyo dakika zikajumlika. Waifai ikizimwa hali inabadilika: laptopu inajua mara moja kwamba haina njia ya kwenda popote, inakubali kushindwa, faili inafunguka.

Kwa kawaida Excel huuliza kwanza kama unataka kusasisha viungo, na ukibofya Don't Update unaepuka ngoja hiyo. Karani huyu hakuwahi kuulizwa. Zamani mtu alikuwa ameingia kwenye Startup Prompt ya faili hiyo akachagua isasishe kimyakimya, na kwa kuwa faili ya mwaka mpya huwa nakala ya ile ya mwaka uliopita, uchaguzi huo ulirithiwa pamoja na fomula.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kungojea stima ipotee. Faili ikiwa imeganda, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, uangalie safu ya CPU mbele ya Excel. Ikiwa karibu sifuri, Excel inangoja kitu, na kiungo ndicho mshukiwa wa kwanza. Ikiwa imepanda na kubaki juu, basi inafanya kazi kweli, na hapo tatizo liko kwenye hesabu zenyewe, kwa mfano fomula zinazosoma safu nzima mpaka chini. Hiyo ni habari nyingine, na kukata viungo hakutaisaidia.

Linalonitia wasiwasi zaidi kuliko kuganda ni ile sentensi yake kwamba hesabu zote "zinaonekana sawa". Zinaonekana sawa kwa sababu Excel huhifadhi ndani ya faili nakala ya thamani za mwisho ilizosoma kwa kila kiungo. Seva isipopatikana, inatumia hizo. Tuseme marupurupu ya nyumba ya daraja fulani yalikuwa 12,000, na kwenye seva mpya idara ya wafanyakazi imeyapandisha yawe 15,000. Faili ya mishahara itaendelea kuweka 12,000 bila kosa lolote kuonekana kwenye seli, na PAYE itakokotolewa juu ya mshahara usio sahihi.

Ndiyo maana tiba haikuwa kubofya Break Link tu, ingawa ndiyo inayovutia. Break Link hugeuza fomula kuwa namba tupu: ile 12,000 ingeganda hapo daima, na hakuna Undo ya kuirudisha fomula. Fundi alitengeneza nakala ya faili kwanza. Kisha akaifungua waifai ikiwa imezimwa, akaiwasha tena, akaingia Data, halafu Edit Links, ambayo kwenye Excel mpya huitwa Workbook Links. Kila faili ya FEDHA01 akaielekeza kwa Change Source kwenye njia mpya. Karani akalinganisha safu ya marupurupu kabla na baada, mfanyakazi kwa mfanyakazi, ndipo wakaihifadhi.

Kiungo kimoja kiligoma. Hakikuwa kwenye seli yoyote, hata walipotafuta alama ya [ kwa Ctrl+F ndani ya fomula za faili nzima. Walikipata kwenye Name Manager, inayofunguka kwa Ctrl+F3: jina la eneo lililoingia siku mtu aliponakili shiti kutoka faili nyingine, likiwa bado linaelekeza FEDHA01. Halikutumiwa na fomula yoyote, wakalifuta. Lisingekuwa hapo, wangeangalia kwenye Conditional Formatting na Data Validation, maana huko pia viungo hujificha na Break Link mara nyingi haiwezi kuving'oa.

Upande wa seva, msimamizi wa mtandao alifuta jina la FEDHA01 kwenye orodha. Faili nyingine za idara zenye kiungo cha zamani sasa zinashindwa haraka badala ya kuganda, na bado zinahitaji kuelekezwa upya moja moja.