Saa mbili yako si saa mbili ya simu

Wiki hii nimeletewa tena ile kesi: "Kaka, hii WhatsApp Business mbovu, inawaambia wateja nimefunga na mimi nipo dukani." Si mbovu. Naandika leo ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Mama huyu anauza vitenge Kariakoo, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Kwenye Business hours akajaza hivyohivyo: 2:00 AM hadi 12:00 PM. AM asubuhi, PM jioni, nani atamlaumu? Lakini simu inaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza. Kwa simu, duka lilifunguliwa saa 8 usiku likafungwa saa 6 mchana. Na kwa kuwa Away message, lile jibu linalojituma lenyewe, aliipanga Outside of business hours, kila aliyeuliza bei mchana alijibiwa "Samahani, tumefunga" mpaka jioni. Aliyeandika saa 9 usiku hakujibiwa kitu, maana simu iliamini mama yuko kaunta!

Tulibadilisha ikawa 8:00 AM hadi 6:00 PM, siku zote sita. Maandishi ya ujumbe nayo tukayagusa: "Tutafungua saa 2 asubuhi (08:00 za Tanzania)." Hizo tarakimu za kwenye mabano ni kwa wateja wake wa Zambia, ambao saa zetu hawazijui.

Greeting message ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo ninapokereka. Watu wanaandika humo "Karibu, tunafungua saa 2", halafu wanalalamika kwamba mteja wa jana hakuipata. Hawezi kuipata. Inamwendea anayekuandikia kwa mara ya kwanza, au mliyekaa kimya naye siku 14. Haijui kama umefungua au umefunga, kwa hiyo usiipe kazi ya bawabu. Ukiijaribu kwa simu ya mwanao unayechati naye kila siku, haitatoka, nawe utasema imeharibika. Tumia namba ngeni.

Mimi mwenyewe sina hakika kama duka dogo linaihitaji. Mtu kauliza "kitenge hiki bei gani?", anapewa aya nzima ya makaribisho, bei hakuna. Naona wengine wanaondoka hapohapo. Kwa mama tuliibakiza sentensi moja: "Karibu, tuma picha ya kitenge unachotaka."

Away message tuliiweka Everyone, kisha nikaijaribu saa 1 usiku kwa namba yangu. Ikajibu palepale. Nikalala vizuri.

Asubuhi simu ikaita. "Kaka, mbona jana usiku wa manane mteja kaandika, haikumjibu?"

"Mama, data uliizima saa ngapi?"

"Si nilipokwenda kulala? Bando lingeisha."

Ujumbe huo unatoka kwenye simu yako mwenyewe, mama. Simu isipokuwa na intaneti, hautoki.

"Kumbe," akasema. Sasa simu ya duka inalala na data.