Choo hakina kosa

Leo tena. Mgonjwa hajatua hata mkoba, ameshanieleza: "Daktari, ni vyoo vya kazini." Kila mwanamke mwenye UTI inayojirudia ana choo chake cha kukilaumu.

Bakteria wanaoleta UTI, mara nyingi E. coli, ni wa utumboni mwako mwenyewe. Hutoka sehemu ya haja kubwa, wakasogea ukeni, kisha wakapanda mrija wa mkojo ambao kwa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4 tu. Tendo la ndoa huwasogeza zaidi. Uchafu? Hapana. Tena wanaojiosha ndani kwa sabuni ya dawa ndio wanaofukuza bakteria walinzi wa uke, halafu wanashangaa ugonjwa ukirudi.

Kukojoa baada ya tendo na kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma nawashauri wagonjwa wangu, ingawa ushahidi wake, tuseme ukweli, ni mwembamba. Maji yana ushahidi bora: kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi na hunywa chini ya lita 1.5 kwa siku, kuongeza lita 1.5 kulipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Aliyekoma hedhi aulizie krimu ya estrojeni ya ukeni.

Linaloniudhi zaidi ni neno "UTI sugu". Mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 kwa mwaka, hapo ndipo tunasema inajirudia. Lakini mara 3 za nini? Kuona seli za usaha na kuandika antibayotiki si kuthibitisha. Mkojo uoteshwe maabara kabla ya kidonge cha kwanza, bakteria ajulikane kwa jina. Akija mwingine kila mara, hayo ni maambukizi mapya. Akirudi yuleyule wiki mbili baada ya dozi kuisha, jiulize amejificha wapi.

Namkumbuka dada wa miaka 34, dozi tano kwa miezi minane, hakuna aliyewahi kuotesha mkojo wake. Tulipouotesha, jibu likaja Proteus mirabilis, na pH ya mkojo 8.5. Dozi ikaisha, akapata nafuu, siku ya kumi maumivu yakarudi. Tukaotesha tena: Proteus.

Bakteria huyu huvunja yurea ikawa amonia, mkojo ukapoteza asidi, chumvi zikagandamana kuwa jiwe. Naye hujenga makao humohumo ndani ya jiwe. Dawa humsafisha aliye kwenye mkojo, lakini aliye jiweni haimfikii. Ultrasaundi ilionyesha jiwe kwenye figo ya kushoto, na dada hakuwahi kuumwa ubavu hata siku moja.

Wengi ninaowapima hivi sioni jiwe wala chochote, na hapo nakiri nabaki kukuna kichwa. Kwake, jiwe lilitolewa lote, hadi vipande vidogo, maana kipande kikibaki bakteria amebaki. Miezi mitatu baadaye tukaotesha mkojo. Hakuna kilichoota. Vyoo vya kazini kwake ni vilevile.