CV ya muuguzi: dhana zinazomkosesha kazi mtu mwenye sifa

Anayechambua maombi ya wauguzi kwa niaba ya hospitali za nje hakusomi kama mwalimu anayesahihisha insha. Anatafuta majibu matatu tu: leseni yako ni ya wapi na iko hai hadi lini, umekuwa ukihudumia wagonjwa wa aina gani, na ni nani anayeweza kuthibitisha hayo. Asipoyaona upesi anafungua faili linalofuata, hata kama wewe ndiye uliyefaa.

Tuseme kuna muuguzi wa Mombasa anayetaka kazi ya ICU mjini Dubai. Ana diploma ya uuguzi, amesajiliwa kama KRCHN, yaani muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya, kisha akarudi chuo cha KMTC kusomea diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Amefanya kazi ICU miaka minne. Sifa anazo. Tumfuate tuone zinapotelea wapi.

Dhana: cheti ni cheti, viweke vyote chini ya kichwa kimoja.

CV yake ina sehemu iitwayo "Vyeti", na humo mmejaa kila kitu: diploma, usajili, BLS, semina ya kuzuia maambukizi, kozi ya kompyuta. Kwa msomaji wa Dubai hiyo ni orodha isiyo na mlango. Diploma inasema ulisoma nini, na haiishi muda. Usajili unasema Baraza la Uuguzi la Kenya linakutambua. Leseni ya kazi inasema unaruhusiwa kuhudumia mgonjwa sasa hivi, na ina tarehe ya mwisho. Kadi kama BLS na ACLS zinasema ulipimwa ujuzi fulani wa dharura. Zile za American Heart Association hudumu miaka 2.

Kwa hiyo leseni ipande juu kabisa, chini ya jina, ikiwa na mstari wake:

> Muuguzi aliyesajiliwa, Baraza la Uuguzi la Kenya. Namba ya usajili. Leseni ya kazi: hai hadi siku, mwezi na mwaka.

Halafu masomo, mbali na hapo kadi za dharura, kila moja na aliyeitoa na tarehe inayokwisha. Semina za siku moja zikae mwisho au ziondoke. Na vifupisho viandikwe kwa ukamilifu mara ya kwanza. KRCHN anaijua kila mtu Mombasa, lakini afisa wa Dubai, ambaye siku hiyo amesoma CV za Manila na Kerala, hana sababu ya kuijua.

Dhana: ukiwa na ACLS wewe ni muuguzi wa ICU.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inawaumiza wale waliosoma kweli. ACLS ni mafunzo mafupi ya kuokoa maisha moyo unaposimama, na hata muuguzi wa wodi ya kawaida anaweza kuwa nayo. Ubingwa ni kitu kingine. Muuguzi wetu alisomea fani yake chuoni na Baraza likamsajili katika fani hiyo. Jambo hilo lastahili mstari wake karibu na leseni, wala lisizikwe chini ya BLS.

Marekani kuna cheti cha CCRN cha wauguzi wa wagonjwa mahututi. Njia mojawapo ya kuruhusiwa kuufanya mtihani wake ni kuwa na saa 1,750 za kuwahudumia wagonjwa hao moja kwa moja ndani ya miaka 2 iliyopita. Hapo ndipo unapoona umbali kati ya kadi na ubingwa. Nazo kozi za dharura zinazofanywa mtandaoni peke yake, bila kukandamiza kifua cha sanamu mbele ya mkufunzi, hospitali nyingi hazizipokei. Usizitegemee.

Dhana: ukiandika "ICU, miaka minne" umemaliza.

ICU ya vitanda vinne katika hospitali ya kaunti na ile ya vitanda ishirini inayopokea waliopasuliwa moyo si kazi moja. Anayeajiri anataka kujua kama utaweza kusimama kwenye kitanda chake wiki ya kwanza. Muuguzi wetu alikuwa ameandika: "Nilihudumia wagonjwa mahututi kwa bidii na upendo." Upendo hauna ubaya, ila hauonyeshi kitu. Tulete maelezo yale yale kwa namna nyingine:

> ICU ya watu wazima, vitanda 8, wagonjwa wa upasuaji na wa magonjwa ya ndani. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili. Kila zamu: wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, dawa za kupandisha presha kwa pampu, usomaji wa presha kupitia mrija wa ateri. Usafishaji damu wa mfululizo: nimesaidia, sijaendesha peke yangu.

Sentensi ya mwisho ndiyo watu huogopa kuiandika. Wanadhani inawashusha. Ninavyoona mimi, inayapa uzito yote yaliyotangulia, maana msomaji anaona unajua mpaka wako. Isitoshe, kwenye usaili utaulizwa hatua kwa hatua, na aliyesema "naendesha" akishindwa kueleza kengele ya mashine inapolia afanye nini, hata yale anayoyaweza hayaaminiki tena.

Dhana: nimefaulu mtihani, basi nina leseni ya Falme za Kiarabu.

Kwanza, hakuna leseni moja kwa nchi nzima. Dubai ina mamlaka yake ya afya, DHA, Abu Dhabi ina idara yake, DOH, na emirati nyingine ziko chini ya wizara ya afya, MOHAP. Andika mamlaka, usiandike nchi. Pili, ukifaulu mtihani wa DHA na vyeti vyako vikathibitishwa, unachopata ni barua ya kustahili. Leseni yenyewe huwashwa hospitali ikishakuajiri. Kuandika "nina leseni ya DHA" huku una barua tu ni kosa ambalo afisa huligundua mara moja. Andika "Barua ya kustahili ya DHA" na tarehe yake ya mwisho. Hiyo peke yake inakuweka mbele ya ambaye hajaanza.

Dhana: tofauti ndogo za majina na tarehe hazina neno.

Hapa wengi hukwama baada ya kupendwa na hospitali. Kampuni ya DataFlow hufanya uhakiki kutoka chanzo: inaandikia chuo, baraza na waajiri wa zamani, kisha inalinganisha majibu na ulichowasilisha. Muuguzi wetu aliolewa akabadilisha jina. Diploma ina jina la baba, leseni na pasipoti zina jina la mume. Bila cheti cha ndoa au kiapo cha kisheria kinachounganisha majina hayo, anaonekana kuwa watu wawili.

Tarehe nazo vivyo hivyo. CV yake ilisema alianza ICU Januari, barua ya hospitali ikasema Machi, kwa sababu miezi miwili ya kwanza alikuwa wodi ya wanaume kabla ya kuhamishwa. Hakudanganya, lakini ripoti haitauliza nia yake. Dawa ni kuiomba barua ya uzoefu kabla ya kuandika CV. Barua hiyo itaje wodi kwa jina, cheo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, iwe na muhuri na anwani ya ofisi inayojibu barua. Ikiwa barua inasema "muuguzi" bila kutaja ICU, mwombe msimamizi wa wauguzi aandike nyingine ungali kazini pale, maana akihama, atakayekuja hakukuona ukifanya kazi.