Miguu Inayoteleza: Dhana Potofu Kuhusu Animesheni ya Wachezaji wa Mbali

Ukicheza mchezo wa mtandaoni uliotengenezwa haraka haraka, mtazame mhusika wa mwenzako akikimbia. Mwili unasonga vizuri tu, lakini miguu inateleza, au inabadilisha mwendo kila mara kana kwamba haijaamua itembee au ikimbie. Wengi huilaumu animesheni yenyewe. Mara nyingi animesheni haina kosa lolote. Inalishwa kasi isiyo ya kweli.

Dhana: kumvuta mhusika kidogo kidogo kuelekea pakiti ya mwisho ndiko kulainisha mwendo

Mstari huu uko katika miradi mingi sana:

```
nafasi = Lerp(nafasi, pakitiMpya.nafasi, 0.2)
```

Maana yake: kila fremu, sogea asilimia 20 ya umbali uliobaki hadi nafasi iliyo kwenye pakiti, yaani ujumbe wa seva unaosema mchezaji yuko wapi. Kwa macho unaonekana unafaa, kwa sababu mwili hauruki tena. Tuupigie hesabu. Seva inatuma pakiti 20 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 50. Mchezaji anakimbia mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo kila pakiti inamweka mita 0.3 mbele ya ile iliyotangulia. Skrini yako inachora fremu 60 kwa sekunde, fremu tatu kwa kila pakiti.

Mambo yakishatulia, fremu ya kwanza baada ya pakiti kufika mwili unakwenda kwa kasi ya takriban mita 7.4 kwa sekunde, ya pili 5.9, ya tatu 4.7. Kisha pakiti nyingine inafika na kasi inarudi 7.4. Wastani ni 6, na ndiyo maana jicho linadanganyika. Lakini animesheni haisomi wastani. Kama mti wako wa animesheni unachanganya kukimbia kwa taratibu na kukimbia kwa kasi kulingana na mwendo wa mwili, unapokea mapigo hayo mara 20 kila sekunde, na miguu inatetemeka.

Sasa ipoteze pakiti moja tu. Kasi inaendelea kushuka: 3.8, 3.0, 2.4. Kwa kipimo cha wahusika wengi, hapo ni kutembea. Pakiti inayofuata inapofika, mwili unachomoka kwa mita 9 na ushee kwa sekunde. Mchezaji yule hakupunguza mwendo hata kidogo; kwenye skrini yako ameonekana akitembea, kisha akikimbia kuliko uwezo wake. Na kwa kuwa ile 0.2 hutumika kwa kila fremu, mwenye skrini ya fremu 144 anaona mwendo tofauti na wako.

Ukweli: mchezaji wa mbali huonyeshwa akiwa nyuma kidogo kwa wakati, kwa makusudi

Dawa yake ni kuweka pakiti kwenye bafa, yaani foleni fupi ya kusubiria, kila pakiti na muda wake wa seva, halafu kumchora mhusika kama alivyokuwa milisekunde 100 zilizopita:

```
t      = mudaWaSeva - 0.100
k      = (t - a.muda) / (b.muda - a.muda)
nafasi = Lerp(a.nafasi, b.nafasi, k)
kasi   = (b.nafasi - a.nafasi) / (b.muda - a.muda)
```

Hapa `a` na `b` ni pakiti mbili zinazouzunguka muda `t`. Kasi inatoka kwenye pakiti zilezile zinazousogeza mwili, kwa hiyo miguu na mwili haviwezi kupingana. Pakiti moja ikipotea, `a` na `b` zinakuwa mbali zaidi, mita 0.6 kwa milisekunde 100, na jibu linabaki mita 6 kwa sekunde, mradi ile inayofuata isichelewe. Injini ya Source ya Valve ilikuja na mpangilio huu kama chaguo-msingi: pakiti 20 kwa sekunde na `cl_interp`, yaani huko kuchelewesha, ya sekunde 0.1.

Wapo wanaoziona hizo milisekunde 100 kuwa hasara na kutaka kuzifuta. Zipunguze ukiweza kuongeza idadi ya pakiti, lakini bafa isiyotosha hata pakiti mbili inakurudisha kwenye miguu inayotetemeka.

Dhana: tukio la animesheni lichezwe mara tu ujumbe unapofika

Hili hujificha vizuri kuliko mengine. Umeweka bafa, mwili uko nyuma kwa milisekunde 100. Mchezaji anakimbia na kupiga kwa upanga. Ujumbe wa pigo unafika nawe unalicheza papo hapo. Mkono sasa uko mbele ya mwili kwa milisekunde 100. Kwa mkimbiaji wetu pigo linaanza mita 0.6 kabla ya pale alipolipiga kweli, na upanga unakata hewa huku adui akianguka baadaye.

Tukio lazima lipite kwenye foleni ileile ya muda: libebe muda wake wa seva, lisubiri hadi `t` iufikie. Likichelewa njiani, usilianzishe mwanzo. Lianze katikati, kwenye sehemu linayopaswa kuwa limefika.

Usilitume kama alama ya ndiyo au hapana. Seva inayopiga hatua 60 kwa sekunde na kutuma pakiti 20 inaweza kuwasha alama ya kuruka kwa hatua moja na kuizima kabla pakiti haijaondoka. Tumia kaunta: kila pigo linaongeza moja, na anayepokea akiona imetoka 7 hadi 8 anajua kuna pigo jipya, hata kama pakiti ya katikati ilipotea.

Dhana: kama ubashiri unamfaa mchezaji wako, utawafaa na wa mbali

Mhusika wako hubashiriwa, yaani husogezwa bila kusubiri jibu la seva, kwa sababu mashine yako inajua vitufe ulivyobonyeza. Vya mwenzako haivijui. Kumsogeza mbele kwa kasi yake ya mwisho ni kukisia tu: akisimama ghafla nawe umemkisia kwa milisekunde 100, amepita mita 0.6 na lazima arudishwe. Animesheni inayosoma kasi ya mwili itamfanya akimbie kinyumenyume kidogo, jambo ambalo hakulifanya. Kukisia kubaki kwa dharura ya bafa kukauka, tena kwa kikomo. Source huweka robo sekunde kwenye `cl_extrapolate_amount`. Magari na meli, visivyogeuka ghafla, vinavumilia zaidi.

Dhana: kila mashine ionyeshe mkao uleule wa mifupa

Hakuna haja ya kutuma mifupa. Nafasi, mwelekeo, pembe ya kulenga, hali ya mwili na kaunta za matendo vinatosha. Mguu gani uko mbele, kila mashine iamue yenyewe. Isipokuwa kwenye kulenga shabaha. Kama risasi hupimwa dhidi ya maumbo yaliyofungwa kwenye mifupa, seva inaporudi nyuma kuangalia ulichokiona, ni lazima irudishe na mkao, si nafasi pekee. Kodi ya Source huhifadhi pia animesheni iliyokuwa ikichezwa na ilipofika. Bila hivyo, mtu aliyechuchumaa kwenye skrini yako anaweza kuwa amesimama kwenye hesabu ya seva, na risasi yako ya kichwa ikapita tumboni.

Kwa mhusika wako mwenyewe mtego ni mwingine. Seva ikisahihisha ubashiri, mashine hurudia vitufe vyote ambavyo havijathibitishwa, pengine hatua sita ndani ya fremu moja. Ukiacha matukio ya animesheni ndani ya marudio hayo, utasikia mlio mmoja wa kuruka ukirindima kwa mkupuo. Marudio yakokotoe nafasi na kasi tu. Sauti, vumbi na pigo vitokee mara ya kwanza ya ubashiri. Na rukio dogo la sahihisho lilainishwe kwenye umbo linaloonekana, si kwenye kapsuli inayogongana na kuta.