Kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba hupima nini hasa

"Maandishi ya mashine yana alama ya kudumu, hata ukibadilisha neno mojamoja, kigunduzi si kitayatambua tu?"

Alama hiyo haipo, isipokuwa mtengenezaji ameipachika makusudi. Aina moja ya kawaida ya kigunduzi hukadiria jinsi kila neno lilivyotabirika kutokana na yaliyolitangulia, kisha hutafuta wastani. Katika "elimu ina mchango mkubwa katika maendeleo ya jamii", karibu kila neno linatarajiwa. Mtu akiweka "malezi" badala ya "maendeleo", neno hilo hushangaza na kuvuruga pia utabiri wa yanayofuata. Kwa kuwa kizingiti cha kuitangaza insha kuwa ya mashine huwekwa juu, na ni haki, ili wanafunzi wasisingiziwe, wastani ukisogea kidogo tu insha huweza kupita. Marekebisho yakirundikana katika aya moja, nyingine hubaki na kuonekana. Yakitawanywa kila sentensi, hakibaki kipande kirefu kisichoguswa.