Fundi wa waifai anayetaka kuiona skrini yako

Tuchukue mfano wa mama anayeuza dagaa kwa jumla Kibirizi, Kigoma. Waifai ya dukani imekuwa nzito tangu asubuhi. Simu inaita: "Shikamoo mama, napiga kutoka kampuni ya intaneti. Ruta yako imejaa, nataka niisafishe kutokea huku." Anatumiwa kiungo cha programu ya kuongeza kasi. Mara nyingi kinachopakuliwa ni programu halali ya kuendeshea simu kwa mbali, mfano AnyDesk. Anasoma namba inayotokea kwenye skrini, anakubali maombi mawili. La kwanza linamruhusu mpigaji kuona skrini. La pili, lililo kwenye mipangilio ya simu chini ya Accessibility, linamruhusu kubonyeza.

Hapo ndipo penye ujanja. "Fundi" haombi namba ya siri. Tena anaonya, "Usimtajie mtu namba yako ya siri, hata mimi!" Kisha anamwomba aangalie salio, ahakikishe malipo ya kifurushi hayajakatwa mara mbili. Kwenye simu nyingi, tarakimu unazoandika katika menyu ya pesa huonekana wazi, naye anazitazama. Mwisho anasema iache simu kwenye chaji, usiiguse, ruta inasafishwa. Muda huo anahamisha pesa kwa laini ileile ya mama.

Fundi wa kweli hana haja na skrini yako. Mitambo ya kampuni nyingi humwonyesha ruta yako na hali ya laini akiwa ofisini. Sana sana atakuambia uizime na kuiwasha, au atakuja. Na kwa kawaida ni wewe unayeanza kumtafuta. Ukipigiwa, kata, kisha piga namba iliyo kwenye mkataba wako, au 100 kama unatumia mtandao wa simu.

Zile programu za kuongeza kasi nazo hazina uwezo huo. Haziongezi nguvu ya ruta wala kifurushi ulicholipia; mshale unaopanda kwenye skrini ni mchoro tu. Ikiomba kusoma SMS au kuwasha VPN, ifute, maana VPN hupitisha mawasiliano yako kwenye mitambo ya mtu usiyemjua.

Kasi ipime mwenyewe. Simama karibu na ruta, fungua fast.com, kisha rudia ukiwa kaunta. Ikiwa karibu ni nzuri na kaunta ni mbaya, ukuta wa tofali ndio unaokula mawimbi: sogeza ruta. Ikiwa mbaya pote, angalia kifurushi, kisha piga kampuni.

Umeshamruhusu? Washa hali ya ndege na uzime waifai, maana kukata simu tu hakumtoi. Ifute programu hiyo. Azima simu ya jirani, piga huduma kwa wateja wakufungie akaunti ya pesa, na namba ya siri uibadilishe baadaye. Namba ya tapeli itume kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.